Binamu yangu hajawahi kuvutiwa na mtu yeyote: je, huu ni useja, ni ugonjwa, au ni jambo la tatu?

Mwana wa Pangani

Salaam wanajukwaa. Ninaleta suala ambalo limeigawa familia yetu, na ninaomba lijadiliwe kwa staha, kwa kuwa mhusika mwenyewe ameniruhusu kulieleza alimradi nisitaje jina lake wala kazi yake.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ana umri wa miaka 36. Ana afya, ana kipato, ni mcheshi na watu wanampenda. Hajaoa, hana mchumba, na hajawahi kuwa naye. Tulipombana mwaka huu alitujibu kwa utulivu kwamba hajawahi kumtamani mtu yeyote, mwanamke wala mwanamume, na kwamba tangu shuleni alikuwa akiwasikiliza vijana wenzake wakizungumzia wasichana huku akidhani kwamba wanatia chumvi.

Baba yake ni Mkatoliki na anasema kijana amechagua useja bila kujijua, kwa hiyo aende utawani akautumie vizuri. Upande wa mama ni Waislamu, na shangazi anaamini kabisa kwamba ana jini mahaba lililomuoa tangu utotoni. Mjomba anasema ni nguvu za kiume tu. Mimi sikubaliani na hata mmoja wao, lakini nikiulizwa kwa nini, sina maneno ya kujieleza. Naomba wenye ujuzi wanisaidie: mtu anawezaje kuishi bila mvuto huo, na hali hiyo inatofautianaje na useja wa mtu aliyeamua?

Mzee wa Mitishamba

Mkuu, hapo mjomba wako ndiye aliyeona mbali. Kijana apewe supu ya pweza pamoja na mkuyati au mundende kwa majuma kadhaa, na utaniletea shukrani hapa hapa. Nimewahudumia wanaume wengi ambao walikuwa wanaogopa wanawake kwa sababu walikwisha kuaibika mara moja, na wote walikuwa wakijisingizia kwamba hawana haja na mambo hayo.

Tabibu Mstaafu

Mzee wangu, wagonjwa unaowasema nawafahamu, na ni wengi kweli. Lakini tazama unavyowaeleza wewe mwenyewe: walikuwa wanataka, mwili ukawakatalia, kisha aibu ikawafanya waseme hawataki. Binamu wa mtoa mada hakusema kwamba alijaribu akashindwa. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumfanya atake kujaribu.

Katika miaka yangu ya kazi nilijifunza kutenganisha mambo matatu ambayo mitaani huitwa kwa jina moja. La kwanza ni uwezo wa mwili, yaani kama viungo vinaitika. La pili ni hamu, ule msukumo ambao mtu huuhisi mwilini hata akiwa peke yake na bila kumfikiria yeyote. La tatu ni mvuto, yaani msukumo huo kumwelekea mtu fulani, ukatamani kuwa naye yeye na si mwingine. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuwa na hamu na mvuto vyote viwili huku uwezo umepotea. Mtu anayetumia baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini au setralini, anaweza kupoteza hamu ilhali anampenda mwenzake kama zamani. Na wapo ambao uwezo wanao, pengine hata hamu wanayo, ila haijawahi kumwelekea mtu. Hawa wa mwisho ndio wanaojiita aseksuali siku hizi.

Ndugu mtoa mada, kabla sijasema zaidi naomba umuulize binamu yako mambo yafuatayo, naye akujibu akipenda. Je, hali hii ni ya tangu alipobalehe, au kuna wakati aliwahi kuvutiwa kisha ikapotea? Alibalehe kwa wakati kama wenzake, sauti ikabadilika na ndevu zikaota? Ananusa harufu vizuri? Akiamka asubuhi mwili wake huitika kama wa wanaume wengine? Kuna dawa yoyote anayoitumia kila siku? Na mwisho, hali hiyo inamuumiza yeye, au inamuumiza shangazi yako?

Frateri wa Zamani

Nichangie upande wa useja, kwa kuwa nilikaa seminarini miaka mingi kabla ya kuomba kuondoka, na niliondoka kwa sababu ninayoieleza hapa chini.

Watu wengi hudhani padri ni mtu asiyehisi kitu. Si kweli, na wala Kanisa halikumtaka awe hivyo. Sheria iliyokaza uzi katika Kanisa la Magharibi, ile ya Mtaguso wa Pili wa Laterani mwaka 1139, ilitangaza kwamba ndoa ya mtu aliyekwisha kupewa daraja takatifu si ndoa, na iliwekwa kwa sababu makleri walikuwa wakioa. Hakuna anayewatungia sheria watu wasio na hamu. Tena mapadri wa Makanisa ya Mashariki yaliyo katika ushirika na Roma wengi wana wake, maana walioa kabla ya upadrisho, kwa hiyo useja ni nidhamu ambayo Kanisa linaweza kuidai hapa na kuilegeza pale.

Walezi wetu walitufundisha kwamba useja ni kukiri kwamba unavutiwa, ukajua jina la anayekuvutia, kisha ukachagua kutofuata njia hiyo kwa ajili ya jambo jingine, na kesho ukachagua tena. Mimi nilikuwa nachagua kila siku na kila siku nilikuwa nimechoka zaidi, ndipo nikaomba kutoka. Chumba cha pili alikuwapo mwenzangu ambaye sehemu hiyo haikumgharimu chochote. Alikuwa akitushangaa. Alipomweleza mlezi wake wa kiroho kwamba hajawahi kupata kishawishi cha aina hiyo, hakupongezwa kama alivyotarajia. Aliulizwa maswali kwa miezi mingi, kwa sababu mlezi alitaka kujua kama anatoa sadaka au anatafuta pa kujificha ili ayakwepe maswali ya ukoo wake.

Kwa hiyo namwambia baba wa kijana kwa heshima: asimpeleke utawani kwa sababu hiyo peke yake. Kutovutiwa si wito. Utawa una utii, una umaskini, una maisha ya kuishi na watu ambao hukuwachagua, na hayo yote yanamgharimu mtu hata kama usafi wa mwili haumgharimu.

Kemia Hai

Ninaona mnazunguka sana. Jibu ni testosteroni. Homoni hii ndiyo inayowasha hamu kwa wanaume na hata kwa wanawake, na inapokuwa chini hamu hufa. Utafiti umethibitisha kwamba mtu 1 katika kila 100 ana tatizo hili. Binamu apimwe damu, akikutwa yuko chini achomwe sindano, na mjadala utakuwa umekwisha.

Mwana wa Pangani

Nashukuru nyote. Nimezungumza naye jana usiku, na majibu yake nayaweka hapa kwa idhini yake.

Hali ni ya tangu awali. Hakumbuki wakati ambapo ilikuwa tofauti. Alibalehe akiwa darasa la 7 kama wenzake, ndevu anazo na hunyoa mara mbili kwa juma. Pua yake haina shida, maana ndiye anayeagizwa sokoni kuchagua samaki. Mwili unaitika asubuhi kama kawaida. Hatumii dawa yoyote. Kuhusu hamu alinijibu kwa kusitasita kwamba wakati mwingine mwili humsukuma, naye huumaliza msukumo huo peke yake kama mtu anayejikuna, bila picha ya mtu yeyote akilini. Kuhusu maumivu alisema kwamba yeye binafsi hana shida isipokuwa siku za sikukuu, ukoo unapokutana.

Aliongeza jambo ambalo sikulitarajia. Alisema angependa sana kuishi na mtu, wapike pamoja, wazeeke pamoja, na angependa kulea watoto. Asichokitaka ni lile jambo moja tu.

Tabibu Mstaafu

Maelezo hayo yanafungua mengi, na nitayafuata taratibu.

Nianze na ndugu Kemia Hai, ambaye amepatia nusu. Ni kweli kwamba testosteroni ikishuka sana hamu hushuka, na ni kweli kwamba mwanaume wa namna hiyo akitibiwa hamu hurudi. Lakini mwanaume huyo huja na dalili nyingine: kuitika kwa mwili asubuhi hupotea, ndevu huota kwa uvivu, nguvu za misuli hupungua, na zaidi ya yote yeye mwenyewe anajua kwamba kuna kitu alikuwa nacho kikaondoka. Ipo pia hali ya nadra ambayo mtu huzaliwa nayo, ubalehe haufiki wenyewe na pua hainusi, na ndiyo maana niliuliza habari ya harufu. Homoni ya prolaktini ikipanda kwa sababu ya uvimbe mdogo kwenye tezi ya ubongo huua hamu vilevile, na tezi ya shingo ikilegea hufanya hivyo hivyo. Haya yote yanapimika. Testosteroni hupimwa kwa damu inayochukuliwa asubuhi, kwa kuwa kiwango chake hushuka mchana, na kipimo kikitoka chini hurudiwa siku nyingine kabla ya kuamua lolote. Akitaka kupima ili shangazi atulie, apime. Ila kwa mtu aliyebalehe vizuri, ananyoa, anaamka kama wengine na ana msukumo wa mwili, nitashangaa kipimo kikileta habari mpya. Msukumo wake upo. Usichokuwa nacho ni mwelekeo, na hakuna sindano niijuayo inayompa mtu mwelekeo.

Sasa hiyo hesabu ya 1 katika 100. Inatokana na Anthony Bogaert, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Brock nchini Kanada, ambaye mwaka 2004 alichapisha uchambuzi wa takwimu zilizokusanywa Uingereza katika miaka ya 1990 na 1991 kutoka kwa watu zaidi ya 18,000. Katika dodoso lile, watu waliulizwa wanavutiwa na nani, na miongoni mwa majibu kulikuwa na lile la mtu kusema kwamba hajawahi kuvutiwa na mtu yeyote kabisa. Karibu asilimia 1 walilichagua. Swali hilo halikuuliza kuhusu tatizo, wala homoni, wala kama mtu ameoa. Na hapa ndipo penye jambo la maana kwa uzi huu: kiasi cha theluthi moja ya waliolichagua jibu hilo walikuwa katika ndoa au wakiishi na mwenza wakati ule. Hao hawakuwa waseja.

Nisiifanye hesabu hiyo kuwa msumari. Watu wengi walioombwa kushiriki walikataa, na mtu asiye na haja na mambo haya ana sababu zaidi ya kukataa kujaza dodoso la mambo haya. Kwa upande mwingine, utafiti uliofuata wa Uingereza, wa mwaka 2000, ulipouliza tena ulipata chini ya nusu ya kiasi hicho. Wapo, lakini ni wangapi inategemea umeuliza vipi na umemuuliza nani.

Bi Mkubwa wa Likoni

Nimesoma yote kuanzia juu na nimeona niseme, ingawa swali lilikuwa la mwanamume.

Nimeolewa kwa miaka mingi na nina watoto watatu. Sijawahi kumtamani mume wangu, na si kwa sababu ana kasoro, maana hakuna mwanamume mwingine niliyemtamani kabla yake wala baada yake. Somo aliyenifunda alinieleza mambo yote kwa ufasaha, nami nikadhani hayo ni mafunzo kama mafunzo ya kupika, unayatenda kwa ustadi na basi. Mwili wangu hauna shida ya kuitika. Lakini kile ambacho wenzangu hukisema wakiwa saluni, kwamba unamwona mtu akipita na tumbo linashtuka, sijakipata hadi leo.

Kwa miaka mingi niliitwa baridi, na hata mimi nilijiita hivyo. Nilitumia karafuu, nikasomewa visomo, nikaambiwa nimerogwa na mke mwenza ambaye sina. Mume wangu nampenda sana. Akisafiri silali vizuri. Kwa hiyo Tabibu anaposema kwamba baadhi ya hao wamo ndani ya ndoa, mimi ni mmoja wao, na mseja simo.

Swali langu ni hili: inawezekanaje mwili uitike ikiwa moyo hautaki? Nimekuwa nikijiona mnafiki.

Tabibu Mstaafu

Dada yangu, huna unafiki wowote. Lori Brotto na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada walilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Waliwaonyesha wanawake filamu ya kawaida kisha filamu ya mapenzi, huku kifaa kidogo kikipima mtiririko wa damu katika viungo vyao. Wanawake waliojitambulisha kuwa hawavutiwi na yeyote waliitika mwilini sawa na wanawake wengine; tofauti ilionekana katika namna walivyoeleza walichokihisi. Walikuwa wanawake 38 tu kwa jumla, na wasiovutiwa kati yao walikuwa wachache, kwa hiyo nisiupe utafiti ule uzito usio wake. Lakini unalingana na ulichokieleza: mwili unaweza kuitika bila ashiki ya moyo kuwapo.

Ninachokuomba ni kitu kimoja. Hali yako umesema ni ya tangu usichana. Ingekuwa imeanza baada ya uzazi, au baada ya kuanza dawa fulani, au baada ya jambo baya ulilotendewa, ningekushauri vingine kabisa.

Mwalimu wa Chuoni

Assalaam alaykum. Nimesita kuingia, ila kwa kuwa upande mmoja wa familia ni Waislamu na jini limetajwa, nadhani inafaa kuonyesha kwamba jambo hili halikuwa geni kwa wanazuoni wetu.

Katika Surat An-Nur, aya ya 31, ambapo wametajwa wale ambao mwanamke hana haja ya kujisitiri mbele yao kama anavyojisitiri mbele ya wengine, wametajwa pia wafuasi wanaume wasio na haja na wanawake. Wafasiri wamehitilafiana ni nani hasa: wako waliosema wazee sana, wako waliosema wenye akili pungufu, wako waliosema matowashi. Sidai kwamba aya inamzungumzia binamu wa mtoa mada. Ninachosema ni kwamba kuwapo kwa mwanaume asiye na haja hiyo kulitajwa bila kulaaniwa na bila kutajwa jini.

Kuhusu ndoa, sisi wa pwani wengi wetu ni wa madhehebu ya Imamu Shafii, na Imamu Nawawi katika kitabu chake cha Minhaj ameipanga hukumu kwa kumtazama mtu. Mwenye haja na uwezo wa kuihudumia ndoa, kwake ni sunna. Asiye na haja wala uwezo wa kuihudumia, kwake ni karaha. Na asiye na haja ila uwezo anao, kwake si karaha, lakini ibada ni bora kwake. Kwa hiyo kumwambia kijana kwamba lazima aoe ndipo dini yake ikamilike ni kumbebesha ambalo madhehebu yake hayakumbebesha.

Lakini tusichanganye na useja wa kujitakia. Uthman bin Madh'un, radhi za Allah ziwe juu yake, alitaka kujitenga na wanawake kwa ajili ya ibada, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkatalia. Uthman alikuwa na mke na alikuwa na matamanio, alitaka kuyakata. Aliyekataliwa ni yule mwenye kitu aliyetaka kukitupa.

Mkweli Daima

Naomba nisionekane mkorofi. Ninyi wote mnajua kwamba mwanaume wa miaka 36 asiyetaka mwanamke ana kingine anachokitaka na anaogopa kukisema. Mnampamba tu kwa maneno ya kitaalamu.

Frateri wa Zamani

Ndugu, inawezekana kwa mtu mwingine, na hakuna anayeweza kuuona moyo wa mtu kutoka nje. Lakini anayeficha ana kitu cha kuficha: yupo mtu anayemfikiria, yapo macho yanayomponyoka, ipo wivu, ipo hofu ya kugundulika. Mwenzangu wa chumba cha pili hakuwa na hofu. Alikuwa akichoshwa na mazungumzo yetu kama mimi ninavyochoshwa na mazungumzo ya mpira.

Tabibu Mstaafu

Na hilo si pambo la siku hizi. Alfred Kinsey wa Marekani, alipowahoji maelfu ya wanaume na kuchapisha matokeo mwaka 1948, aliwapanga watu kwenye kipimo cha kuanzia 0 hadi 6, kutoka mwenye kuvutiwa na jinsia nyingine tu hadi mwenye kuvutiwa na jinsia yake tu. Wakabaki watu wasioingia popote, naye akawawekea herufi X pembeni. Mwaka 1980 mwanasaikolojia Michael Storms akapendekeza kwamba kipimo kimoja hakitoshi, kwa kuwa kinadhani ukipungukiwa upande huu lazima uongezeke upande ule. Alichora mihimili miwili, ambapo mtu anaweza kuwa juu kote, juu upande mmoja, au chini kote kuwili. Hoja ya Mkweli Daima ndiyo ile ile ya kipimo kimoja.

Kemia Hai

Nimekuelewa, Tabibu, lakini bado hujajibu sababu. Kama si homoni za sasa, ni nini? Kila kitu mwilini kina chanzo.

Tabibu Mstaafu

Chanzo kimoja hakijapatikana. Kuna dokezo kwamba mambo huanzia tumboni mwa mama: mwaka 2014 Morag Yule, Brotto na mwenzao waliripoti kwamba watu waliojitambulisha hivyo walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kutokuwa watu wa mkono wa kulia, wakilinganishwa na wanaovutiwa na jinsia nyingine. Mkono anaoutumia mtu huelekea kupangwa mapema sana katika ukuaji wa ubongo, ndiyo maana watafiti huutazama. Lakini watu wa mkono wa kushoto wengi mno wanavutiwa kama kawaida, na binamu yetu anaweza kuwa wa mkono wa kulia. Ni dokezo la wakati, halisemi ni kitu gani kilichotokea.

Mwana wa Pangani

Ni wa mkono wa kulia, kama swali litaulizwa.

Nina mambo mawili ya mwisho. La kwanza, mjomba amekwisha kununua sindano za testosteroni kwa mtu wa duka la dawa, bila kipimo, na anasisitiza achomwe mwezi huu. La pili, binamu amepata mwanamke mjane mwenye watoto wawili ambaye wanaelewana sana, na anawaza kumposa. Je, amweleze kabla?

Tabibu Mstaafu

Sindano zirudishwe. Testosteroni inayoingizwa kutoka nje huuambia ubongo kwamba iko ya kutosha, ubongo unaacha kuziamrisha korodani, na utengenezaji wa mbegu hushuka, wakati mwingine hadi sifuri, na huchukua miezi kurudi baada ya kuacha. Kijana amesema anapenda watoto. Mjomba angekuwa anamwongezea msukumo usio na pa kwenda huku akimpunguzia uwezo wa kupata mtoto.

Na wakimpeleka kwa daktari wa akili, wajue kwamba mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, hautoshelezwi na ukosefu wa hamu peke yake. Unataka hali iwe imedumu miezi 6 hivi na iwe inamuumiza mwenyewe, na umeeleza kwamba ikiwa mtu anajitambulisha kuwa aseksuali, na hilo ndilo linaloeleza hali yake ya maisha yote, asipewe jina la ugonjwa.

Mwalimu wa Chuoni

Kuhusu posa, msimamo wangu ni kwamba amweleze. Fikihi inampa mke haki ya kudai ndoa ivunjwe mume akiwa hawezi, na kadhi humpa mume muda wa mwaka mmoja kwanza. Binamu si asiyeweza, kwa hiyo mlango huo haumhusu moja kwa moja. Lakini mke ana haki ya kitanda, na kumficha kwamba haki hiyo itatolewa kwa nadra au kwa kujilazimisha ni udanganyifu hata kama kadhi hataupatia kifungu.

Bi Mkubwa wa Likoni

Nakuheshimu, Mwalimu, ila kuna sehemu sikubaliani nawe. Mimi ningeyasema hayo kabla ya ndoa nisingeolewa, na watoto wangu wasingekuwapo. Tena ningesema nini, ikiwa sikuwa nalijua? Mwanamume akieleza ataonekana mwungwana. Mwanamke akieleza posa itarudi na mtaa mzima utajua ifikapo jioni.

Ila huyu binamu tayari anajua, na mjane si msichana, maana ndoa ameionja na anaweza kupima. Amweleze kwa maneno ya wazi kabisa: kama tendo litakuwapo au halitakuwapo, mara ngapi anadhani ataweza, na watoto watapatikana vipi. Asimwambie tu kwamba yeye ni mtu mtulivu, kwa kuwa mjane ataelewa kitu kingine.

Mwana wa Pangani

Nimemsomea yote. Amesema swali la mara ngapi hakuwahi kulifikiria na ameomba juma moja kabla ya kwenda kwa mjane. Sindano zimerudi dukani, na mjomba amekasirika kwa sababu pesa hazikurudi.